Hisa zimeongezeka, mali je?

Simu ililia saa nne na nusu asubuhi, soko likiwa limefunguliwa kwa muda wa saa moja tu. Alikuwa mteja wangu, mama mstaafu anayeiangalia kila siku akaunti yake ya CDS, ile inayotunza hisa zake. "Mwanangu, jana nilikuwa na hisa elfu moja za shilingi 18. Leo naona ni shilingi 15. Elfu tatu zangu zimekwenda wapi?" Kampuni yake ilikuwa imetangaza bonasi ya hisa moja kwa kila hisa tano, na yeye ndiye aliyenipigia kwa furaha tangazo lilipotoka.

Nilimwomba achukue kalamu. Hisa 1,000 kwa shilingi 18 ni shilingi 18,000. Bonasi yake ni hisa 200, kwa hiyo atakuwa na 1,200. Hizo 1,200 kwa shilingi 15 ni shilingi 18,000 zile zile. Tatizo lilikuwa kwamba bei imeshuka leo, lakini hisa 200 hazijaingia kwenye akaunti. Bei hurekebishwa siku ile ambayo anayenunua hawezi tena kuipata bonasi. Nairobi biashara ya hisa hukamilika baada ya siku tatu za kazi, kwa hiyo atakayenunua akiwa amechelewa hatakuwa kwenye daftari la wanahisa litakapofungwa. Mtu kama huyo hawezi kulipa 18 kwa hisa isiyo na bonasi. Hisa zenyewe huingizwa baadaye, na katika siku hizo za katikati taarifa ya akaunti inaonyesha hasara ambayo haipo. Nimeona watu wakiuza kwa hofu wakati huo. Wengine hufanya kinyume chake: hukimbilia kununua siku chache kabla daftari halijafungwa, wakidhani watavuna hisa za bure. Wanalipa bei ambayo bonasi imo ndani yake.

Hisa hizo zinatoka wapi? Zinatoka kwenye vitabu vya kampuni. Benki ya Co-op ilitoa bonasi ya moja kwa tano mwaka 2017, na hesabu yake ni rahisi kufuata. Hisa zilikuwa kama bilioni 4.89, zikawa kama bilioni 5.87. Kila hisa ina thamani ya shilingi 1 kwenye vitabu, kwa hiyo takriban shilingi milioni 978 zilihama kutoka kwenye akiba ya benki na kuingia kwenye mtaji wa hisa. Hakuna shilingi iliyoingia benki kutoka nje, wala iliyotoka. Jumla ya mali ya wanahisa ilibaki pale pale. Kilichobadilika ni mstari ambao fedha hizo zimeandikwa. Na kwa kuwa kila mwanahisa aliongezewa kwa kiwango kile kile, aliyekuwa na asilimia moja ya benki alibaki na asilimia moja.

Kugawanya hisa ni jambo jepesi zaidi, maana hata akiba haiguswi. Benki ya Equity ilipogawanya hisa zake moja kwa kumi mwaka 2009, hisa 370,277,702 zikawa 3,702,777,020, na thamani ya kila moja kwenye vitabu ikashuka kutoka shilingi 5 hadi senti 50. Zidisha kabla, zidisha baada: mtaji wa hisa ni ule ule, shilingi bilioni 1.85. Ni kama mtu mwenye ekari moja aliyeikatakata kuwa ploti nane. Hati miliki ni nane sasa, ardhi ni ile ile.

Mfano huo wa shamba una ukweli mwingine ndani yake. Anayekata ploti mara nyingi huuza kwa urahisi kuliko mwenye ekari nzima, kwa sababu wenye uwezo wa kununua kipande ni wengi. Wakati ule soko la kawaida la Nairobi lilikuwa likiuza hisa kwa fungu la 100. Hisa ikiwa shilingi 150, mnunuzi mdogo anahitaji 15,000 ili kuingia. Ikiwa 15, anahitaji 1,500. Wanunuzi na wauzaji wakiongezeka, kuuza kunakuwa rahisi, na pengine bei inapanda kidogo. Huo ni uchangamfu wa soko. Haumaanishi kuwa kampuni imeanza kupata faida zaidi, na unaweza kupungua kama ulivyokuja.

Ninarudi kwa Co-op, maana hapo ndipo penye somo ambalo wanahisa wengi hawalioni. Gawio la mwaka 2016 lilikuwa senti 80 kwa hisa. Mwenye hisa 1,000 alipata shilingi 800 kabla ya kodi. Kisha bonasi ikaja, akawa na hisa 1,200. Gawio la mwaka 2017 likatangazwa: senti 80 tena. Akapata shilingi 960. Basi si alitajirika na bonasi?

Tazama upande wa benki. Mwaka 2016 ililipa takriban shilingi bilioni 3.91 kutoka kwenye faida ya bilioni 12.7 baada ya kodi. Mwaka 2017, mwaka mzima wa kwanza chini ya sheria iliyoweka kikomo cha riba, faida ilishuka hadi bilioni 11.4, lakini gawio likapanda hadi bilioni 4.69. Benki iliamua kuwapa wanahisa kama asilimia 41 ya faida badala ya asilimia 31. Ile shilingi 160 ya ziada ilitokana na uamuzi huo, na kila shilingi iliyolipwa haikubaki benki kufanya kazi nyingine. Benki ingeweza kupata matokeo hayo hayo bila kutoa hisa hata moja: ingetangaza tu senti 96 kwa hisa za zamani. Na kama baada ya bonasi ingeshusha gawio hadi karibu senti 67, mwanahisa wetu angerudi kwenye shilingi 800 zake, akiwa na hisa 200 zaidi mkononi.

Kwa hiyo kampuni ikitangaza bonasi, mimi husubiri gawio linalofuata. Senti kwa hisa zikibaki vile vile, wakurugenzi wanasema kwa vitendo kwamba wanaweza kulipa zaidi kwa jumla. Zikishuka kwa uwiano ule ule wa bonasi, hawajaahidi chochote. Baada ya hapo naangalia kama faida inaubeba mzigo huo, na kwa Co-op mwaka huo faida ilikuwa imepungua, kwa hiyo jambo la kufuatilia lilikuwa mwaka unaofuata.

Kuna mtego mmoja kwenye kusoma takwimu za zamani. Kanuni ya uhasibu ya IAS 33 inaitaka kampuni irekebishe faida kwa kila hisa ya miaka iliyotangulia ili ilingane na idadi mpya ya hisa. Ripoti mpya itakuwa na namba zilizorekebishwa, ile ya mwaka jana uliyoihifadhi kabatini haina. Ukichanganya hizo mbili utaona faida imeporomoka ghafla. Vivyo hivyo kwa bei uliyonunulia: mama yule alinunua kwa shilingi 12, na baada ya bonasi gharama yake kwa kila hisa ni shilingi 10. Nilimwambia aifute 12 kwenye daftari lake na aandike 10, pamoja na tarehe. Hisa 200 zilipoingia alinipigia tena, na safari hii alikuwa ameshazidisha mwenyewe.