Wapokezi wote waaminifu, bado hadithi si sahihi?

"Maalimu, wapokezi wote wa sanadi hii ni thika. Sasa mbona hujaipitisha?"

Aliniuliza mwanafunzi darasani Mikindani, baada ya alasiri. Swali zuri, maana wengi huishia hapo.

Uthika, yaani uaminifu wa mpokezi, ni sifa ya mtu. Lakini sanadi ni mnyororo wa wapokezi, nasi tunapima pia kiungo kati ya mtu na mtu. Sanadi ya mwanafunzi huyo ilikuwa na Abu Zubayr wa Makka "kutoka kwa" Jabir, sahaba wa Mtume. Abu Zubayr ni mkweli, na Jabir alikutana naye. Shida ni hilo neno "an", kutoka kwa. Halisemi "nilimsikia". Wahakiki kadhaa wamemhesabu Abu Zubayr kuwa mudallisi: huenda akamruka mtu wa kati bila kusema uongo.

Layth bin Saad, mwanachuoni wa Misri aliyefariki mwaka 175 Hijria, alipewa na Abu Zubayr maandishi mawili. Akaondoka nayo, kisha akarudi kumuuliza: haya yote umeyasikia kwa Jabir? Akajibu kwamba mengine kayasikia, mengine kasimuliwa. Layth akamtaka amwekee alama kwenye aliyoyasikia.

Kwa hiyo tazama anayepokea kwa Abu Zubayr. Akiwa Layth, "an" haitutii wasiwasi. Akiwa mwingine, tafuta njia nyingine yenye "nilimsikia Jabir". Sanadi ya kijana wangu haikuwa nayo. Imamu Muslim, katika Sahihi yake, amezikubali sanadi nyingi za namna hii hata bila Layth, na mabishano juu yake hayajaisha. Mimi husita, siikatai moja kwa moja.