Mteja Akivimba Mezani: Ripoti Ambayo Daktari Ataweza Kuitumia

"Mteja alikula samaki, akavimba, tukaita boti, akapelekwa hospitali." Ripoti za namna hii ndizo sisi maafisa wa afya ya umma huletewa mara nyingi baada ya mtu kupatwa na mzio mkahawani. Hazina uongo ndani yake. Shida ni kwamba hazimsaidii daktari usiku ule, wala hazimsaidii mpishi kesho yake. Nitaeleza ripoti inayofaa inavyoandikwa kwa kutumia kisa nilichokitunga kwa ajili ya kufundishia. Tuseme kimetokea kwenye mkahawa wa ufukweni Shela, kisiwani Lamu.

Mgeni ni mama wa makamo aliyetoka Nakuru na jamaa zake watatu. Alipoketi tu alimwambia mhudumu, "Kaka, mimi kamba sili. Nikila navimba." Mhudumu akamjibu, "Usiwe na wasiwasi mama, hatutakutilia." Akaagiza viazi karai vya kuanzia pamoja na ukwaju, kisha nguru wa kupaka na wali wa nazi. Kwenye karatasi ya oda mhudumu aliandika "bila kamba". Jikoni mpishi akaisoma, akatazama sahani, akaona kweli hakuna kamba. Chakula kikatoka.

Viazi vilifika mezani saa 1:40 usiku, na samaki akafuata baada ya dakika chache. Saa 1:50 mama alilalamika mdomo unamwasha na ulimi umekuwa mzito. Dakika tano baadaye vipele vilikuwa vimemtoka shingoni na mikononi, sauti imekauka, na ametapika mara moja. Saa 1:58 alisema anaona kizunguzungu, na kifua kikaanza kutoa mluzi anapovuta pumzi.

Mistari hiyo michache yenye saa ndiyo kiini cha ripoti yote. Mzio mkali wa chakula kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili baada ya kula, kwa hiyo daktari hutaka kujua umepita muda gani kati ya tonge na dalili ya kwanza. Andika saa kwa namna zote mbili, "saa 1:50 usiku, yaani 19:50", kwa sababu faili la hospitali hufuata saa ya tarakimu 24, na mtu aliyechoka akisoma "1:50" peke yake anaweza kudhani ni usiku wa manane. Andika pia ulichokiona, usiandike jina la ugonjwa. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Vipele vya mzio utavitambua kwa uvimbe ulioinuka unaokutana na mwenzake, na kwa jinsi mtu anavyojikuna.

Sasa chakula chenyewe. Mwenye mkahawa huwa na hamu ya kuandika "hatukutumia kamba", na hapa ingekuwa kweli kabisa. Lakini pale mezani palikuwa na mambo matatu yanayoweza kueleza hali ile, na ripoti nzuri humwezesha daktari kuyatenga moja moja.

La kwanza ni samaki mwenyewe. Nguru, jodari na vibua wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza kitu kilichomo kwenye nyama yao kuwa histamini, ile ile ambayo mwili wa mwenye mzio huimwaga wenyewe. Dalili zinafanana mno: mwasho, joto usoni, kichwa kugonga, kutapika, na wengine husema samaki ana ladha ya pilipili ilhali hakutiwa. Kupika hakuiondoi histamini, wala kugandisha samaki aliyekwisha kuharibika. Tofauti ni kwamba sumu hii haichagui mtu. Wakila wanne katika samaki mmoja, kwa kawaida huumwa zaidi ya mmoja. Kwa hiyo ripoti iseme: nguru alinunuliwa kwa nani, alitoka majini lini, alikaa kwenye barafu muda gani, na nani mwingine alikula kipande chake. Katika kisa chetu jamaa wote watatu walikula nguru yule yule na hakuna aliyejikuna. Hilo pekee linampunguzia daktari nusu ya maswali.

La pili ni mchuzi wa kupaka. Tui, ukwaju, vitunguu thomu, tangawizi, bizari, hivi kila mtu anavijua. Ila wako wapishi wanaosaga korosho kidogo ili mchuzi uwe mzito, na korosho ni miongoni mwa vyakula vinavyoleta mzio mkali sana. Mpishi aulizwe alichotia usiku ule, si kile ambacho hutiwa kwa kawaida. Kama kuna pakiti au chupa iliyotumika, iwe ya viungo au ya sosi, isitupwe: piga picha upande wenye maandishi ya viambato. Mpishi wetu hakutia korosho.

La tatu ni karai. Viazi vilichovywa kwenye rojo la unga wa ngano na manjano, vikakaangwa kwenye mafuta yale yale yaliyokaangiwa kamba tangu magharibi. Hapa ndipo jambo lilipojificha. Protini ya kamba inayoleta mzio haifi kwa moto. Mafuta yakichemka hata yakatoa moshi, bado imo, na hata ukiyapitisha kwenye chujio makombo ndiyo yanayobaki juu, protini inapita. Mwenye mzio wa kamba mara nyingi hudhurika pia na kamba koche na kaa, kwa hiyo karai moja linaweza kubeba hatari kutoka sahani nyingi. Menyu iliandika viazi karai, na ni viazi karai kweli. Hakuna menyu niliyoisoma Pwani inayoandika habari ya mafuta.

Basi ripoti itaje kila kitu kilichopita kwenye karai, ubao na koleo ile jioni. Kisha mabaki ya sahani ya mgonjwa yafunikwe, yaandikwe saa, yawekwe kwenye friji mahali pa peke yake. Mara nyingi mtu wa jikoni, kwa nia njema ya usafi, huwa ameshamwaga kila kitu kabla boti haijafika.

Nirudi mezani, maana wakati haya yote yanaulizwa mama hapumui vizuri. Dawa inayookoa hapa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja upande wa nje, katikati ya nyonga na goti. Wako wanaotembea na ile ya kujidunga, na inaweza kupigwa hata juu ya nguo. Mwulize mgonjwa au jamaa zake mara moja, na msaidieni kuitumia, msingoje azidiwe. Ikiwa hali haijabadilika baada ya dakika tano na anayo ya pili, apigwe. Vidonge vya mzio vya duka la dawa hutuliza mwasho tu. Havifungui koo wala havipandishi presha iliyoporomoka, na kuvingojea vifanye kazi ni kupoteza muda ambao mgonjwa hana. Maziwa, mafuta ya kula na kumtapisha kwa nguvu visitumike.

Mama wetu hakuwa na sindano. Alilazwa juu ya jamvi, miguu ikainuliwa kwenye mto, na kifua kilipombana akainuliwa akae huku miguu imenyooka mbele. Mjamzito angelazwa kwa ubavu wa kushoto. Kosa linalotisha zaidi, na Lamu ndipo lilipo karibu mno, ni kumsimamisha mgonjwa atembee hadi gatini au kumpandisha punda. Katika mzio mkali mishipa hulegea na damu hushuka miguuni. Mtu aliyekuwa anaongea amelala anaweza kusimama, moyo ukakosa damu ya kusukuma, akaanguka asiamke. Abebwe. Ndani ya boti pia alale chini kwenye sakafu, asikalishwe kwenye benchi, isipokuwa kama pumzi inamlazimu kuketi.

Mtu wa pili alikuwa kwenye simu. Namba za dharura Kenya ni 999 na 112, lakini mkahawa wa kisiwani unapaswa pia kuwa na namba ya hospitali na ya nahodha wa boti, zimebandikwa karibu na kaunta mahali ambapo hata mhudumu mgeni anaziona. Maneno ya kwanza ndiyo yanayoamua kasi ya msaada. Ukisema "mteja amechafukwa na tumbo", utapewa nafasi ya tumbo. Huyu alisema hivi: "Nina mtu mzima, mwanamke, ana mzio mkali wa chakula, anapumua kwa shida. Hajapata adrenalini. Tuko Shela, gati kuu. Maji yanakupwa, boti kubwa haitasogea karibu, leteni ndogo."

Habari ya maji huwezi kuisoma kwenye vitabu vya huduma ya kwanza vya bara, ila huku ni lazima. Shela hakuna barabara ya gari ya kumfikisha mgonjwa hospitali ya King Fahd, na bamvua ikitoa maji, dakika kumi zinaweza kupotea watu wakijadiliana pa kumpakilia. Kwa hiyo ripoti irekodi saa simu ilipopigwa, saa ilipopokelewa, maji yalikuwaje, boti ilifika lini na iliondoka lini. Kwetu simu ilipigwa saa 1:59 na boti ikaondoka saa 2:21. Mtu wa tatu alikuwa tayari amesimama gatini na tochi.

Kabla boti haijang'oa, meneja alipiga picha ukurasa wa ripoti kama ulivyokuwa, na makosa yake ya haraka, akamtumia jamaa wa mgonjwa kwenye simu. Sioni ubaya wa mwandiko mchafu. Ripoti safi ya kesho asubuhi ni ya kwangu mimi, ile ya daktari ni ya sasa hivi. Pale hospitali adrenalini hutolewa kulingana na uzito, na kwa mtu mzima haizidi nusu miligramu kwa sindano moja. Baadaye mgonjwa hubakizwa chini ya uangalizi kwa saa kadhaa hata akijiona mzima, kwa kuwa dalili zinaweza kurudi bila kula chochote kipya. Kwa sababu hiyo ripoti isifungwe kwa maneno "alipata nafuu". Ibaki wazi hadi jamaa wapigiwe simu siku ya pili.

Ukurasa wa mwisho ni wa nani alimwambia nani, na hapa wenye mikahawa huwa wagumu kwa kuogopa kushtakiwa. Wengi huandika "mteja hakutueleza". Mama huyu alieleza. Mhudumu aliyasikia maneno yake, lakini "nikila navimba" haikufika jikoni. Kilichofika ni "bila kamba", na mpishi akadhani ni mtu asiyependa kamba tu. Karatasi ya oda ingesema "MZIO WA KAMBA" kwa herufi kubwa, mpishi angekumbuka karai. Mkahawa wetu wa mfano ulinunua karai la pili na koleo yake, la viazi na bajia peke yake, likawekwa jiko la upande wa pili na kufungwa kitambaa cha buluu mpinini ili hata kijana wa zamu ya kwanza asilichanganye.