Kingazija ni Kiswahili? Jinsi wanaisimu wanavyotenganisha lugha na lahaja

Hesabu kwa Kiswahili kuanzia moja hadi kumi. Umepita sita, saba na tisa bila kushtuka, na huenda hukukumbuka kwamba zote tatu ni za Kiarabu. Kabla hazijaja, watu wa pwani walikuwa na namba zao, na mabaki yake bado yapo. Saba ilikuwa fungate, neno ambalo leo limebaki harusini, kwa zile siku saba za bibi na bwana harusi. Tisa ilikuwa kenda, na hiyo tunaitamka kila tunapowataja Wamijikenda, watu wa miji tisa.

Sasa vuka bahari uende Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro. Huko tatu ni raru, saba ni mfukare, tisa ni shenda. Ukirudi bara kwa Wagiryama, nyuma ya Malindi, utasikia hahu, fungahe na chenda. Nimeanza na namba hizi kwa sababu swali ambalo idara yetu ya isimu huulizwa mara nyingi, hasa na watu wa Unguja wenye ndugu Moroni, ni hili: Kingazija ni Kiswahili "kilichopinda", au ni lugha nyingine? Namba zinafaa kuonyesha jinsi tunavyolijibu, na pia jinsi mtu anavyoweza kupotea njiani.

Hatua ya kwanza ni orodha ya maneno. Iliyo maarufu zaidi ilitungwa na Mmarekani Morris Swadesh, na ina matoleo ya maneno 100 na 200: jicho, maji, jiwe, kula, kufa, mtu, mbili, na mengine ya aina hiyo ambayo kila jamii inayo na ambayo si rahisi kuazimwa. Mtafiti hukaa na mzee katika kila mji, akayaandika kama yanavyotamkwa, kisha akayapanga ubavu kwa ubavu na kuuliza: maneno haya mawili yana mzazi mmoja?

Mtu asiyezoea huhukumu kwa sikio. Akisikia kitu na shindru, atasema hayahusiani. Lakini weka pembeni kichwa na shitswa, kisha kenda na shenda, utaona kwamba penye ki au ke ya Kiswahili, Kingazija kina shi au she. Rudi tena kwenye namba zetu. Tatu, raru, hahu. Fungate, mfukare, fungahe. Penye t ya Kiswahili, Kingazija kina r na Kigiryama kina h. Mabadiliko yanayojirudia hivi hayatokei kwa bahati. Yanatuambia kwamba maneno hayo yalitoka chungu kimoja, kisha kila jamii ikayapika kwa njia yake. Kwa hiyo shindru huhesabiwa pamoja na kitu, ingawa sikio linakataa.

Kinyume chake ndicho kinachowaponza wengi. Ukikuta neno "sita" katika lugha mbili, usikimbilie kuandika kwamba ni ndugu. Zote mbili zinaweza kuwa zimeliazima kwa Mwarabu yuleyule, kwenye jahazi lilelile. Orodha iliyojaa maneno ya dini, biashara na bahari itafanya lugha zote za pwani zionekane pacha. Ndiyo maana mtafiti makini hutenga ya mkopo kwanza, ndipo ahesabu.

Asilimia inayopatikana ni ya kuchujia tu. Wapimaji wengi huweka mstari mahali fulani kati ya asilimia 60 na 70: maneno ya asili moja yakiwa chini ya hapo, ni lugha mbili na hakuna haja ya kuhangaika zaidi. Yakiwa juu ya hapo, bado hujajua chochote cha uhakika. Mtu anaweza kushirikiana nawe maneno manane katika kila kumi na bado usimwelewe, kwa sababu matamshi yamegeuka, vitenzi vinanyambuliwa kwingine, au sauti inapanda na kushuka mahali usipotarajia. Kingazija kimehifadhi toni, ile tabia ya lugha nyingi za Kibantu ya kutumia kupanda na kushuka kwa sauti kutenganisha maana, na Kiswahili kiliiacha kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwenye orodha ya maneno hilo halionekani kabisa. Masikioni linaonekana mara moja.

Kwa hiyo tunapima kuelewana kwenyewe. Njia inayotumika sana ilianza kwa watafiti wa lugha za Wahindi Wekundu wa Amerika, mnamo 1951, na baadaye ikaboreshwa. Msimulizi wa mji wa kwanza hurekodiwa akieleza jambo lililomtokea yeye mwenyewe, dakika mbili au tatu hivi. Hadithi za sungura na fisi hazifai, kwani msikilizaji anazijua tangu utotoni na atajibu bila kuelewa hata neno. Kisha hutungwa maswali kama kumi yanayotokana na kilichosemwa: nani alianguka, walikuwa wapi, alichukua nini.

Kabla rekodi haijasafiri, husikilizishwa watu wa mji uleule ilikotoka. Hatua hii watu hupenda kuiruka, na ndiyo inayookoa kazi. Kama wenyewe wanakosea swali la nne, kosa si la lugha; ni swali baya, au upepo uliingia kwenye kinasa sauti. Swali hilo hutupwa. Yakibaki yale ambayo wenyeji wanayajibu karibu yote, rekodi hupelekwa kwa wasikilizaji wasiopungua kumi katika mji wa pili. Kila mmoja huvaa vifaa vya masikioni na kusikiliza peke yake, maana akisikiliza na majirani mjuaji mmoja atajibu kwa niaba ya wote. Maswali nayo huulizwa kwa lugha ya msikilizaji, la sivyo unapima kama ameelewa swali.

Sasa tuseme tumepeleka rekodi ya mtu wa Unguja kwa watu kumi wa Ngazija, na wastani umekuja asilimia 80. Haraka haraka mtu angesema: wanaelewana, ni lahaja. Mimi ningeomba nione alama za kila mmoja. Kama wote wako kati ya 7 na 9, kuelewa huko kunatoka kwenye undugu wa lugha, kwa sababu kila mtu analo. Lakini kama sita wamepata kumi kwa kumi na wanne wamepata tano, wastani ni 80 vilevile, na habari ni nyingine kabisa. Wale sita wamejifunza. Ukiwauliza, utakuta mmoja alisoma chuo cha dini Zanzibar, mwingine anafanya biashara Dar es Salaam, wa tatu ana shangazi Mji Mkongwe. Wale wanne hawajawahi kutoka kijijini, na alama zao ndizo zinazoeleza lugha yenyewe. Alama zikitawanyika kupita kiasi, wapimaji huchukulia kwamba wanaona matunda ya safari na shule.

Kwa Komoro tahadhari hii ni ya lazima. Waungwana wa visiwa vile walijua Kiswahili kwa karne nyingi. Masultani wao waliandika barua kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Wangazija wamejaa Unguja tangu zamani. Kwa hiyo ukimkuta Mngazija anaongea nawe vizuri, hujapima kitu. Umekutana na mtu wa lugha mbili. Geuza kipimo. Mchukue mkulima wa Makunduchi ambaye hajawahi kwenda Moroni, mpe rekodi ya Kingazija. Atadaka maneno kama "mbili" na "kumi" na mengi ya Kiarabu, lakini kisa chenyewe kitampita. Mlinganishe na atakavyomsikiliza mtu wa Mombasa wa Kimvita, anayesema mato kwa macho, kitwa kwa kichwa, na anayemwita mwenzake "ndoo!" akimaanisha njoo, huku mtu wa Unguja akitafuta pa kuchota maji. Watacheka, lakini kisa kitafuatika.

Ndiyo maana Kimvita ni lahaja ya Kiswahili na Kingazija si lahaja yake. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kazi yao kubwa ya 1993 juu ya historia ya lugha hizi, walizipanga kama ndugu watano wa mama mmoja aliyepewa jina la mto Sabaki: Kielwana, Kipokomo, Kimijikenda, Kikomoro na Kiswahili. Hakuna kati yao aliyemzaa mwenzake. Anayesema Kingazija ni Kiswahili kilichopinda anamfanya ndugu kuwa mtoto. Kosa lake ni la kale, maana hata Malcolm Guthrie alipozipa namba lugha za Kibantu alikitia Kingazija kwenye kundi la G40, lililobeba jina la Kiswahili, ingawa alikipa namba yake ya G44a.

Vipimo hivi hata hivyo havikati kila kesi. Kati ya "anaelewa" na "haelewi" kuna eneo pana la kuelewa nusunusu, na hapo wenyeji wenyewe wana neno. Orodha ya kimataifa ya lugha, inayojulikana kama ISO 639-3, inalikubali jambo hilo waziwazi. Wazungumzaji wakielewana bila kujifunza, ni lugha moja. Kuelewana kukiwa kwa shida lakini wakawa na maandishi ya pamoja, au wakajiona watu wa lugha moja yenye lahaja ya katikati ambayo wote wanaifuata, inaweza kuhesabiwa moja. Na hata wakielewana vya kutosha, wakiwa wamejitambua kwa muda mrefu kama watu wa lugha mbili, zinaweza kutengwa.

Kiswahili chenyewe kimefaidika na kifungu hicho cha pili. Kutoka Barawa, Somalia, hadi pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kila mji unamwelewa jirani yake, lakini mtu wa Barawa na mtu wa Kilwa wakikutanishwa ghafla watatoka jasho. Kinachowaunganisha wengi wao leo ni Kiswahili sanifu, kilichojengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928. Mwisho wa kusini wa mnyororo huo, Kimwani cha Ibo na Mocímboa da Praia kimeandikwa katika orodha hiyo kama lugha yake, wmw, na bado wapo wanaisimu wanaokihesabu ndani ya Kiswahili. Wamwani wengi hawakusoma shule kwa Kiswahili sanifu. Walisoma kwa Kireno.

Na Komoro? Katiba yao inataja Shikomori kama lugha moja ya taifa. Orodha ya kimataifa inakipa Kingazija alama ya zdj, Kinzuwani wni, Kimwali wlc, na Kimaore, cha kisiwa kilichobaki chini ya Ufaransa, swb.