Uchunguzi kifani: kuweka mipaka, kisha kuchagua kifani kimoja au viwili

Uchunguzi kifani ni utafiti unaochimba kwa kina jambo moja lenye mipaka, likiwa katika mazingira yake halisi. Wanafunzi wengi huanza kwa kuuliza wachukue vifani vingapi. Mimi naona swali hilo halijibiki kabla mipaka haijawekwa.

Tuchukue mwanafunzi wa Mbeya anayetaka kujua kwa nini wakulima wa kahawa wa Mbozi, ambao ni wanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha kuuza mazao, humuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado mtini. Akiandika "kifani changu ni wakulima wa Mbozi", bado hana kifani, ana wilaya nzima. Afadhali aseme: kifani ni AMCOS moja na namna inavyopokea kahawa na kuwalipa wanachama, kwa msimu mmoja, tangu mikahawa ichanue mpaka malipo ya mwisho. Walio ndani ni wanachama, viongozi na karani wa mizani. Mlanguzi je? Si mwanachama, lakini bila yeye mauzo hayo hayapo, kwa hiyo atahojiwa. Bei ya mnadani itaelezwa kama mazingira tu.

Mpaka usipokaa sawa utaujua uwandani: unarudi na mahojiano marefu na huwezi kusema kama ni ya kifani chako au la. Unaruhusiwa kuusogeza, mradi uandike uliusogeza lini na kwa nini.

Sasa idadi. Kifani kimoja kinatosha kikiwa na uzito wa pekee. Watu wakisema chanzo ni AMCOS kuchelewesha malipo, itafute inayolipa mapema. Ukikuta wanachama wake nao wanauza kahawa mtini, maelezo yale yametikisika. Kuchagua AMCOS kwa kuwa mjomba wako ni katibu wake hakuna uzito huo.

Kifani cha pili hakiongezwi ili wahojiwa wawe wengi. Kinaongezwa kujaribu maelezo yaliyotoka kwenye cha kwanza. Tuseme umegundua kwamba watu huuza Januari, shule zinapofunguliwa na kahawa ingali mbichi. Chagua AMCOS nyingine inayowakopesha wanachama mwezi huohuo. Maelezo yako yakiwa sahihi, huko mauzo ya mtini yatakuwa machache; yakiwa mengi vilevile, rudi ukafikiri upya. Lakini mengine yafanane. Ya kwanza ikiwa kando ya barabara kuu ya Tunduma, na ya pili ndani kabisa ambako walanguzi hawafiki, hutajua kama kilichozuia mauzo ni mkopo au ni ubovu wa njia.

Mwenye msimu mmoja na nauli ya kubahatisha, ningemshauri abaki na AMCOS moja, alinganishe kaya zilizouza mapema na zisizouza. Hatari yake ni kwamba ripoti huweza kuishia kwenye kaya na AMCOS ikasahaulika. Ikitokea hivyo, kifani kimebadilika bila mwenyewe kujua, na sura ya matokeo itajibu swali ambalo hakuliuliza.