Mtutu hauhitaji mto

Wiki hii ni mteja wa tatu kuingia karakana kwangu hapa Igoma, Mwanza, na ombi lilelile: "Fundi, mtutu unacheza, ubane kwenye mbao ya bunduki utulie." Hapana jamani. Mtutu hutetemeka kila unapofyatua, upende usipende. Tunachotaka ni utetemeke vilevile kila mara. Mbao ikiugusa, mguso haubaki uleule: leo umeegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, kesho umevuta mkanda, na masika ikifika unyevu wa ziwa unaivimbisha mbao yenyewe.

Mzee mmoja mwindaji aliniletea bunduki yake ya .30-06 akiapa kwamba darubini imekufa. Tulipiga risasi tano kwa mita 100. Tatu za kwanza zilikaa ndani ya sentimita 3. Ya nne ikapanda kulia, ya tano ikapanda zaidi, sentimita 9 hivi kutoka kwa wenzake. Darubini mbovu hurusha risasi ovyo. Hizi zilikuwa zinatembea kwa mstari kadiri mtutu ulivyopata moto. Nikapitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na mbao, kuanzia ncha ya mbele. Kikakwama upande wa kushoto, chini. Chuma kikipata moto hutanuka na kujipinda kidogo. Hiki kilikuwa kinaegemea mbao, na mbao inakisukuma juu kulia.

Nilizungushia msasa kwenye kipande cha bomba nikachonga hadi nafasi ikafika milimita 1.5, kisha nikapaka vanishi mle ndani. Usiache mbao tupu, itavimba tena.

"Basi ukishachonga umemaliza." Nusu ya kazi! Nilimwekea mzee kidole pale mtutu unapokutana na ncha ya mbao, nikalegeza skrubu ya mbele. Mtutu ukainuka chini ya kidole chake. Maana yake mwili wa chuma wa bunduki ulikuwa unakunjwa na skrubu kila zinapokazwa, kwa sababu haukai sawa kwenye mbao. Nikaukalisha kwenye epoksi, chuma nimekipaka nta kisishike, nikauacha hadi kesho yake. Siku hizi skrubu hazisogezi kitu, na akifungua bunduki kusafisha, risasi zinarudi palepale.

"Mtutu ukiachwa huru, joto si neno." Ni neno. Mtutu ulionyooshwa kiwandani kwa kupindwa unabaki na mkazo ndani, na moto huuonyesha hata usipogusa mbao. Mwembamba ndio unaotangulia kuchemka. Pia risasi ikikaa muda kwenye chemba ya moto, baruti yake hupata joto na kasi inaongezeka.

Mitutu michache myembamba hupiga vizuri ikisukumwa juu kidogo na ncha ya mbao, nakubali. Jaribu kabla ya kuchonga. Lakini usinimwagie maji mtutu wa moto. Piga tatu, acha bolti wazi, subiri hadi kiganja kikae juu yake bila kuungua. Ya mzee, ikipoa hivyo, hukaa kwenye sentimita zake 3.