Lugha za mada na lugha za kiima: yanayodhaniwa na yalivyo

Mwaka 1976 wanaisimu Charles Li na Sandra Thompson walipendekeza kuzipanga lugha kwa kuuliza swali moja: sentensi ya kawaida imejengwa juu ya uhusiano gani? Ziko lugha zinazoijenga juu ya kiima na kiarifu chake. Ziko nyingine zinazoijenga juu ya mada, yaani kile kinachozungumziwa, na maelezo yanayotolewa juu yake. Wazo hilo limeingia kwenye vitabu na madarasa mengi, na njiani limeokota tafsiri zisizo zake. Tunachambua zile zinazowapotosha zaidi wanafunzi wa isimu na wanaojifunza Kichina au Kijapani.

Dhana: Mada ni kiima kwa jina jingine, kwa kuwa vyote hukaa mwanzoni

Mahali si kipimo. Tazama sentensi hii: *Yule mzee, nyumba yake imeungua.* Kinachozungumziwa ni mzee, naye ndiye aliyetangulia. Lakini kitenzi hakimjui. Kimebeba i-, kiambishi cha nyumba, na hata mzee angehamishiwa mwisho wa sentensi kiambishi hicho kisingebadilika. Mzee ni mada, nyumba ni kiima.

Tofauti iliyo chini ya hapo ni hii: kiima kina mkataba na kitenzi, mada ina mkataba na mazungumzo. Kitenzi “ungua” kinadai kitu kinachoungua, wala hakina nafasi ya mwenye mali. Mada haichaguliwi na kitenzi. Sharti lake ni kwamba msikilizaji awe anajua ni kitu gani kinachotajwa. Ndiyo maana kiima kinaweza kuwa kigeni kabisa (*mtu fulani amekuja*), ilhali *mtu fulani, nyumba yake imeungua* haikai vizuri sikioni, kwani umemtangaza mtu ambaye msikilizaji hana pa kumshika.

Kichina cha Mandarini kinaonyesha sharti hilo kwa mpangilio wa maneno peke yake. *Kèrén lái le*, nomino ikiwa mbele, ni wageni tunaowajua: wale tuliokuwa tukiwangoja wamefika. *Lái kèrén le*, nomino ikiwa nyuma ya kitenzi, ni habari mpya: kumekuja wageni. Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshatambua kwamba *wageni wamekuja* na *kumekuja wageni* zinapishana kwa namna inayokaribiana na hiyo.

Dhana: Mada ni shamirisho lililohamishwa mbele

Kwa sentensi kama *kitabu hiki nimekisoma* maelezo hayo yanaonekana kutosha, kwa sababu kitabu kina nafasi yake baada ya “soma” na kinaweza kurudishwa huko. Yanakwama mbele ya sentensi ambayo Li na Thompson waliitumia kama mfano: *Nèi chǎng huǒ, xìngkuī xiāofángduì lái de kuài.* Neno kwa neno inakuwa: moto ule, bahati, kikosi cha zimamoto kilikuja haraka. Jaribu kuurudisha moto ndani ya maelezo. Kitenzi “kuja” kina mjaji wake tayari, na hakuna tundu jingine ambalo moto ungekuwa umetoka. Haukuhamishwa kutoka popote; umewekwa pale mbele kama uwanja ambao maelezo yatasimama juu yake.

Sentensi za namna hii ndizo alama iliyo wazi kuliko zote ya lugha ya mada. Kijapani kina jozi yake maarufu, *zō wa hana ga nagai*: tembo, pua ni ndefu. Nomino mbili, kila moja na alama yake, *wa* kwa mada na *ga* kwa kiima, na sifa moja tu ya kugawana. Urefu ni wa pua, si wa tembo.

Hapo ndipo mwanafunzi wa Kijapani anapoteleza kwa kuambiwa kwamba *wa* ni alama ya kiima. Si hivyo. *Wa* inaweza kushikizwa kwenye mtendwa, kwenye wakati, hata kwenye mahali. *Hon wa yonda* ni “kitabu, nimesoma”, na hakuna anayedhani kitabu ndicho kilichosoma. Kipimo rahisi ni kishazi rejeshi. Ukitaka kusema “kitabu alichonunua Taro”, unasema *Tarō ga katta hon*; ukiweka *wa* mahali pa *ga*, ama sentensi inagoma, ama inaleta maana ya kulinganisha, kwamba Taro alinunua ingawa wengine hawakununua. Sababu yake si ngumu: mada ni ya mazungumzo yote, kwa hiyo haina kazi ndani ya kishazi kidogo kinachoeleza nomino. Kiima kinaingia humo bila shida, maana popote palipo na kitenzi kiima chake kipo.

Dhana: Lugha za kiima hazina mada

Hii tunaipitia haraka, kwa sababu mifano ya mzee na kitabu imeshaikanusha. Karibu kila lugha ina njia ya kutangaza mada. Anayeagiza vinywaji kwa kusema *mimi chai, huyu kahawa* hajidai kuwa chai. Suala si kama mada ipo, bali ni nani mwenye mamlaka ndani ya sarufi, na hilo linapimwa sehemu moja hasa: pale kitu kinapoachwa bila kutajwa.

Dhana: Ukihesabu sentensi zinazoanza na mada utajua lugha ni ya aina gani

Kuhesabu kunakuonyesha mtindo wa wasemaji, hakukuonyeshi sarufi. Jaribio lenye nguvu zaidi ni hili. Chukua sentensi yenye mada na kiima vilivyo tofauti, uunganishe na kishazi cha pili ambacho kimeacha nomino bila kuitaja, kisha uulize: kilichoachwa ni kipi?

Kwa Mandarini: *Nèi kē shù yèzi dà, suǒyǐ wǒ bù xǐhuān.* Mti ule majani makubwa, kwa hiyo mimi sipendi. Sipendi nini? Jibu la msemaji wa Mandarini ni mti. Majani ndiyo kiima cha “kuwa makubwa”, na ndiyo yaliyo karibu zaidi, lakini hayana nguvu ya kudai nafasi iliyo wazi. Mada ndiyo inayoidai, na inaweza kuendelea kufanya hivyo vishazi kadhaa mfululizo bila kutajwa tena.

Sasa iweke kwa Kiswahili. *Mti ule majani yake ni makubwa, kwa hiyo siupendi.* Au: *siyapendi.* Zote ni sahihi, na hakuna utata, kwa kuwa u- unarudi kwenye mti na ya- yanarudi kwenye majani. Ngeli imefanya kazi ambayo Mandarini imeiachia mada.

Jaribio la pili linageukia kiima. Mtu ameangusha tikiti, kisha kikapasuka kitu ambacho hakikutajwa upya. Katika Kiingereza, kishazi cha pili kikiachwa bila kiima, sarufi inalazimisha kiwe kiima cha kishazi cha kwanza, hivyo sentensi inadai kwamba aliyepasuka ni mtu. Msikilizaji anacheka, lakini hana njia nyingine ya kuisoma. Msemaji wa Mandarini akiisikia sentensi yenye muundo huo anaelewa bila taabu kwamba lililopasuka ni tikiti. Mwanaisimu Randy LaPolla alitumia ushahidi wa aina hii kudai kwamba Mandarini haina kiima kama uhusiano wa kisarufi.

Na Kiswahili? *Yule bwana aliangusha tikiti likapasuka.* Li- imemaliza kesi. Ila weka nomino mbili za ngeli moja uone: *Juma alimpiga Ali akakimbia.* Nani alikimbia? Sarufi haisemi. A- inawatosha wote wawili, na msikilizaji ataamua kwa muktadha. Kwa hiyo jaribio linalokishika vizuri kiima cha Kiingereza halikishiki kiima cha Kiswahili. Kiima chetu kinashikwa na upatanisho, na mtafiti anayebeba majaribio kutoka lugha moja kwenda nyingine bila kuyakagua atafika kwenye hitimisho la ajabu.

Dhana: Lugha ni za aina mbili, kwa hiyo kila moja lazima iingie upande mmoja

Li na Thompson wenyewe walitaja makundi manne. Kijapani na Kikorea waliziweka kwenye kundi la lugha ambazo mada na kiima vyote vina nguvu, na ukikumbuka *wa* na *ga* utaona kwa nini. Kitagalogi na Kiilokano, lugha za Ufilipino, waliziweka kwenye kundi ambalo hakuna kilicho na nguvu ya wazi. Mandarini na Kilisu, lugha ya ukoo wa Kitibeti na Kiburma, ziko upande wa mada. Kilisu kimefika mbali zaidi: sentensi inayotaja watu kama mada, kisha mbwa, kisha kitenzi cha kuuma, inaweza kumaanisha watu wanauma mbwa au mbwa wanauma watu. Sarufi inasema nani anazungumziwa. Nani anauma nani, hilo unaachiwa wewe na akili yako ya kawaida.

Hata Mandarini haiko mwisho kabisa wa mstari. Kiwakilishi chake cha kujirejea, *zìjǐ*, kwa kawaida kinatafuta kiima, na hiyo ni hoja ya wanaompinga LaPolla.

Dhana: Kiswahili ni lugha ya kiima tu, maana kitenzi hupatana na mtenda

Familia ya Niger-Kongo, ambamo Kiswahili kimo, iliwekwa na Li na Thompson upande wa kiima, na kwa Kiswahili kuna sababu nzuri: upatanisho ni wa lazima, na kauli ya kutendwa inafanya kazi kila siku (*tikiti liliangushwa*), wakati lugha za mada huwa na kauli hiyo kwa nadra au kwa matumizi ya pekee. *Bèi*, alama ya kauli hiyo katika Mandarini, kwa mfano, kwa muda mrefu ilielekea zaidi kwenye mambo mabaya yaliyompata mtu.

Lakini kitenzi cha Kiswahili hakipatani na mtenda. Kinapatana na kiima, na kiima kinaweza kuwa kitu kingine kabisa. *Chumba hiki kinalala watu wanne*: wanaolala ni watu, ila ki- ni ya chumba. *Mjini kumekuja wageni*: ku- ni ya mahali. Katika sentensi hizo kinachozungumziwa kimechukua kiti cha kiima pamoja na upatanisho wake, na mtenda amebaki nyuma ya kitenzi bila haki hiyo.

Kwa Kichewa, lugha ya Kibantu kama Kiswahili, Joan Bresnan na Sam Mchombo walionyesha mwaka 1987 kwamba kiambishi cha shamirisho ni kiwakilishi hasa: kikiwepo, nomino yenyewe iko nje ya kirai kitenzi, ikiwa mada, na ndiyo maana inaweza kusogezwa huku na kule. Kiambishi cha kiima kinaweza kuwa upatanisho wa kisarufi, au nacho kikawa kiwakilishi kinachorudi kwenye mada. Kiswahili hakilingani na Kichewa katika kila kitu, kwa mfano *nimemwona Juma* inadai m- hata Juma akiwa palepale kwenye nafasi ya shamirisho. Anayetaka kuchambua sentensi zetu kwa makini aanzie kwenye viambishi hivyo viwili, na aulize kimoja kimoja: hiki hapa kinapatana na nomino, au kinasimama badala yake?