Bei ya kusafirisha mzigo kwa tani na kwa kilomita, gari linaporudi tupu

Bei kwa tani ni fedha anazolipa mwenye mzigo kwa kila kilo 1,000 zilizofika, na bei kwa kilomita ni fedha zinazolipwa kwa kila kilomita ambayo gari limetembea likiwa na mzigo. Ukigawanya bei ya tani moja kwa umbali wa safari unapata bei ya tani-kilomita, ambayo ndiyo inayofaa kulinganishia safari mbili za umbali tofauti. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kinachowaponza wenye gari moja ni kuisahau nusu ya safari ambayo hakuna anayeilipia.

Tuchukue Fuso ya ekseli mbili inayobeba tani 10 za mahindi kutoka Iringa kwenda Dar es Salaam, umbali wa takribani kilomita 500. Bei ninazotumia ni za mfano, na kila mmoja aweke za kwake. Gari likiwa na mzigo linakwenda kilomita 4 kwa lita moja ya dizeli, na likiwa tupu linakwenda kilomita 5, hivyo kwenda na kurudi kunahitaji lita 225, ambazo kwa shilingi 2,800 kwa lita ni shilingi 630,000. Posho ya dereva na utingo ni 120,000. Matairi, oili na matengenezo tuyahesabu kwa shilingi 250 kwa kila kilomita, yaani 250,000 kwa kilomita 1,000. Bima, mishahara na akiba ya kununulia gari jingine ni 2,000,000 kwa mwezi, na kwa kuwa gari linafanya safari tano kwa mwezi, kila safari inabeba 400,000. Jumla ni shilingi 1,400,000.

Kwa hiyo gari hili linagharimu shilingi 1,400 kwa kila kilomita ya kutembea, lakini kwa kuwa ni kilomita 500 tu zenye mzigo, bei isiyo na faida wala hasara ni shilingi 2,800 kwa kilomita yenye mzigo, au 140,000 kwa tani, au 280 kwa tani-kilomita. Anayehesabu safari ya kwenda peke yake atapata 735,000, yaani 73,500 kwa tani, na atakubali bei hiyo akidhani amefidia kila kitu. Hasara yake haionekani siku ya malipo, kwa sababu fedha hizo zinatosha dizeli ya kwenda na kurudi. Inaonekana miezi baadaye, matairi yanapoisha na hakuna kilichowekwa.

Mzigo wa kurudi nao una gharama zake. Tuseme dalali wa Dar es Salaam amepata tani 6 za saruji za kupeleka Iringa kwa shilingi 70,000 kwa tani, yaani 420,000. Dalali akichukua asilimia 10, zinabaki 378,000. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na gari lenye saruji linapaswa kuupanda Mlima Kitonga, hivyo tuongeze lita 40 za dizeli, ambazo ni 112,000. Sasa zinabaki 266,000. Kila siku ya kusubiri mzigo inakula takribani 67,000 za gharama za mwezi na 20,000 za posho. Baada ya siku mbili zinabaki takribani 92,000, baada ya siku tatu hakuna cha maana kilichobaki, na siku ya nne ingekuwa heri gari lingerudi tupu.

Ndiyo maana mimi naona si busara kupunguza bei ya kwenda kwa kutumaini mzigo wa kurudi ambao bado haujapatikana. Daftari la safari ndilo liamue: likionyesha kwamba kwa miezi kadhaa robo tatu ya kilomita zote zilikuwa na mzigo, basi gawanya 1,400 kwa 0.75, upate takribani 1,870 kwa kilomita yenye mzigo, kisha ongeza dalali na dizeli ya ziada.

Jambo jingine ni gunia. Wakulima wengi hukubaliana bei kwa gunia, na gunia la rumbesa linaweza kufika kilo 120 badala ya 100. Magunia 100 ya namna hiyo ni tani 12, na kama gari tupu lina tani 7, jumla ni 19, ilhali sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu tani 18 kwa gari la ekseli mbili. Mwenye gari atakuwa amebeba tani mbili bure, na mizani ya barabarani, kama ile ya Mikese, itamdai faini yeye. Bei iandikwe kwa tani.

Hesabu ya kusubiri nayo hubadilika na msimu. Wakati wa mavuno, mahindi yanapongoja gari Iringa, kila siku inayopotea Dar es Salaam ni kipande cha safari iliyopotea. Nje ya msimu, gari likirudi litaegeshwa tu. Zile 67,000 zitalika popote lilipo, na gharama halisi ya kusubiri inabaki posho.